Filamu moja ya TAZARA, miundo mitatu: upi unabeba hisia?

Mezani kwa mhariri wa filamu ya historia huwa kuna marundo mawili. La kwanza ni mahojiano: wazee wameketi vitini, wanakumbuka. La pili ni picha za maktaba: vijana wanachimba, viongozi wanakata utepe, umati unapiga makofi. Marundo haya hayajawahi kukutana, na kazi ya mhariri ni kuyaozesha mpaka yazae hadithi moja ya dakika 52 ambayo mtu ataitazama bila kushika simu.

Miundo inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni mitatu: kufuata miaka, kufuata safari, au kumfuata mtu mmoja mwenye jambo analolitafuta. Nitailinganisha kwa mfano mmoja tu, reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa China kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Nimeichagua kwa sababu wengi wetu tunaijua nusunusu, na kwa sababu picha zake zina tabia inayoumbua muundo mbaya mapema.

Tulicho nacho mkononi

Tuseme tuna mahojiano matano, kila moja la saa moja na nusu hivi. Yupo kibarua mstaafu aliyechimba mahandaki ya milimani juu ya Mlimba, dereva wa treni mstaafu wa Mbeya, mkalimani aliyesimama kati ya Wachina na vibarua, mama anayesafirisha mchele na ndizi kwa treni hadi leo, na mwanahistoria wa chuo kikuu. Watu hawa nimewabuni kwa ajili ya zoezi hili. Historia wanayoizungumzia ni ya kweli.

Kwa picha za maktaba, tuseme tumepata dakika 40. Hapa inabidi kukumbuka kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo picha zinazotembea za ujenzi wa reli ni filamu, mara nyingi ya milimita 16, zilizopigwa na Wachina, na watengenezaji wa filamu wa serikali zetu, au na mashirika ya habari ya nje. Sauti ya zama hizo ilikuwa redioni. Sehemu kubwa ya picha utakazozipata ni bubu, na sauti utakayoipata haina picha. Kila unapoviunganisha, wewe ndiye unayeamua vinakutana wapi. Hakuna kamera iliyowahi kuamua hivyo kabla yako.

Sasa zipange dakika hizo 40 kwa mwaka, utaona jambo. Kuna picha nyingi za Oktoba 1970, Nyerere na Kaunda walipozindua ujenzi. Kuna nyingine nyingi za mwisho wa kazi, reli ilipofika Kapiri Mposhi Juni 1975 na ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976. Katikati kuna vipande vya kazi: nyundo, mataruma, watu wanatabasamu. Hakuna anayeumwa. Hakuna anayeanguka. Mvua hainyeshi. Lakini ukisikiliza mahojiano, joto lote liko katikati hapo, kwenye kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, ambako reli inaacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu kwa mahandaki 18 na madaraja 46.

Kwa maneno mengine, picha zimejaa mahali ambapo wazee hawana la kusema, na wazee wana mengi ya kusema mahali ambapo picha zimenyamaza au zinatabasamu. Hilo ndilo la kutazama unapochagua muundo. Hisia katika filamu ya namna hii haitoki kwenye picha peke yake wala kwenye maneno peke yake. Inatoka kwenye nafasi iliyopo kati ya kile mzee anachosema na kile tunachokiona, na muundo ndio unaoamua nafasi hiyo itaonekana lini na nani atakayeiona.

Kwanza vipande vya karatasi

Kabla ya kubishana kuhusu muundo, andika mahojiano yote neno kwa neno, pamoja na saa, dakika na sekunde ya kila sentensi. Inachosha, na hakuna njia ya mkato yenye faida. Kisha chukua kila kauli nzito uiandike kwenye kipande chake cha karatasi na uweke alama tatu: anasema nini, sauti yake inafanya nini, na je, kuna picha ya jambo hilo?

Alama ya pili ndiyo inayosahauliwa. Maandishi hayaonyeshi kwamba mzee alinyamaza kwa sekunde sita kabla ya kutaja jina la rafiki yake. Yanaonyesha jina tu. Kwa hiyo unapoweka alama, sikiliza, usisome. Andika "anacheka", "anakwepa", "ananyamaza", "anaongeza kasi". Mwanahistoria wetu atakuwa na vipande vingi vyenye maneno mazuri ambavyo alama yake ya pili ni tupu. Vitafaa kuunganisha, havitabeba chochote.

Kutoka saa saba na nusu za mahojiano utabaki na kauli themanini au mia hivi, na pengine kumi na tano kati yake ndizo zenye moto. Zitandaze sakafuni uzitazame. Je, nyingi zinahusu tukio lenye tarehe? Zinahusu mahali? Au zinahusu kitu kisichokuwepo tena: mtu, kazi, ahadi? Jibu hilo linakusogeza kwenye mmoja wa miundo mitatu, hata kabla ya ladha yako kuingilia.

Kufuata miaka

Huu ndio muundo ambao kila mtu huanza nao, na wakuu wa vituo vya televisheni huupenda kwa sababu hauhitaji kuelezwa. Unaanza Novemba 1965, Rhodesia ya Ian Smith, yaani Zimbabwe ya leo, inapojitangazia uhuru wake na Zambia kujikuta njia yake ya kusafirisha shaba inapita kwa adui. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zinasema reli hii haina faida kiuchumi. Septemba 1967 mkataba unasainiwa Beijing. Ujenzi unaanza 1970, unaisha 1975, kilomita 1,860. Halafu miaka ya neema fupi, halafu kushuka.

Nguvu yake ni sababu na matokeo. Mtazamaji wa miaka ishirini ambaye hajui Rhodesia ni nini anaelewa kwa nini reli ilijengwa, na bila kuelewa hilo hawezi kuona uzito wa jasho la mtu yeyote. Pia ndio muundo unaotumia picha za maktaba kwa wingi bila kuzisumbua, maana kila picha ina mwaka wake na kila mwaka una mahali pake.

Udhaifu wake uko kwenye umbo. Kilele cha kalenda ni makabidhiano ya 1976, na hicho si kilele cha hisia. Picha za sherehe zinafanana dunia nzima: bendera, hotuba, utepe, Kaunda na kitambaa chake cheupe. Ukizifikia kwenye dakika ya 34, unabaki na dakika 18 za kushuka: mizigo inapungua, injini zinaharibika, nchi za kusini zinapata uhuru na bandari nyingine zinafunguka. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani laki moja katika mwaka wa fedha 2014/15. Ni habari muhimu, ila kama filamu ni mtelemko mrefu usio na kona. Mtazamaji huanza kuhisi kwamba kila tukio linaunganishwa na jingine kwa "kisha" badala ya "kwa sababu hiyo".

Wapo wanaojaribu kuuokoa kwa kuanza katikati: dakika mbili za handaki gizani, mzee anahema, kisha maandishi "Miaka saba kabla" na tunarudi 1965. Mimi siupendi ujanja huu. Unaahidi joto halafu unamrudisha mtu darasani. Unafaa pale tu ambapo tukio la mwanzo linaacha swali ambalo mtazamaji hawezi kulisahau kwa dakika ishirini, na "je, reli itafika?" si swali la namna hiyo kwa mtu aliyewahi kupita kwenye mataa ya TAZARA.

Kufuata safari

Hapa unapanda treni Dar es Salaam na kushuka Kapiri Mposhi, na historia inaingia kituo kwa kituo. Kwa reli nyingine huu ungekuwa mtindo tu. Kwa TAZARA una bahati ambayo ni wachache wameitumia vizuri: reli ilitandikwa kutoka Dar es Salaam kuelekea Zambia, kwa hiyo ramani na kalenda vinakwenda pamoja. Dar ni 1970. Mlimba ni mwishoni mwa 1971. Tunduma, mpakani, ni 1973. Kapiri Mposhi ni 1975. Abiria wa leo anapita miaka kwa mpangilio ule ule bila msimulizi kumtajia hata mmoja.

Faida nyingine ni kwamba leo ipo ndani ya filamu tangu dakika ya kwanza. Kushuka kwa reli hakusubiri dakika 18 za mwisho. Kunaonekana kwenye kiti kilichochanika, kwenye treni iliyosimama porini bila maelezo, kwenye mama wa ndizi anayehesabu saa za kuchelewa kwa jinsi mzigo wake unavyobadilika rangi. Yule mama, ambaye kwenye muundo wa miaka angepata dakika mbili mwishoni kama mfano wa "matumizi ya sasa", anakuwa mtu muhimu. Ndiye anayejua reli hii ni ya nini hata wakubwa walipoacha kuipigia mbiu.

Hatari yake ni ushanga. Kituo, kumbukumbu, kituo, kumbukumbu. Kila shanga nzuri, lakini ukiitoa moja hakuna anayegundua. Kuna jaribio rahisi: toa kituo cha Ifakara chote uangalie filamu tena. Kama hakuna kinachoharibika baadaye, basi hicho kituo ni mapambo, na pengine vingine vyote ni mapambo vilevile. Dawa ni abiria mwenye sababu. Mtu asafiri kwa ajili ya jambo linaloweza kushindikana: mzigo unaoweza kuoza, miadi inayoweza kumpita. Treni yenyewe haina haja ya kufika, mtu ndiye mwenye haja.

Na jambo la hisabati ambalo waongozaji husahau: milima ya Mlimba hadi Makambako inakuja mapema, kwenye theluthi ya kwanza ya njia. Kilele chako cha hisia kinaweza kukuangukia dakika ya 18, na hata nusu ya safari hujafika. Usiwe mtumwa wa ramani kwa dakika sawa. Kipande hicho kifupi kinaweza kuchukua dakika 20, na kutoka Tunduma hadi mwisho kikachukua sita. Treni haitalalamika.

Kumfuata mtu na anachokitafuta

Muundo wa tatu hauifanyi tena reli kuwa mhusika mkuu, unamshika kibarua wetu mstaafu. Tuseme katika mahojiano amemtaja mara tatu rafiki yake aliyefia handakini, na mara zote tatu amebadilisha mazungumzo. Hajui alizikwa wapi. Hana picha yake. Lakini anajua kwamba siku fulani Wachina walikuja na kamera wakapiga picha kikosi chao.

Sasa picha za maktaba si vielelezo tena, zimekuwa kitu kinachotafutwa. Mtazamaji anaangalia kila sura kwa hamu, kwa sababu huenda yule ndiye. Kipande cha sekunde tisa cha vijana wanaosukuma toroli, ambacho katika muundo wa miaka kingepita kama kijazio tu, hapa watu watakitazama bila kupepesa.

Mkondo wa hisia katika muundo huu unajijenga wenyewe: anatumaini, anakaribia, anakosea au anapata sehemu tu, na kuna jambo linalobadilika ndani yake. Angalia nimesema "anapata sehemu tu". Mara nyingi hutampata mtu unayemtafuta kwenye filamu za milimita 16. Kasha la futi 400 linabeba dakika 11 hivi, mpiga picha alikuwa mchoyo wa filamu, na sura za karibu waliwekewa viongozi. Muundo huu lazima uwe na mwisho unaosimama hata utafutaji ukishindikana. Kwa Wachina waliofariki wakati wa ujenzi kuna makaburi yanayojulikana, Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Ukimpeleka mzee pale, akasoma majina ya wataalamu waliochimba naye na rafiki yake hayumo, umepata tukio ambalo halihitaji jibu kutoka maktaba.

Gharama yake ni historia. Mtu mmoja hawezi kubeba Rhodesia, shaba, Benki ya Dunia na mkataba wa Beijing mgongoni mwake. Utalazimika kuyasema kwa dakika tatu au nne tu, na yeyote anayetaka filamu ya siasa za ukombozi atakuuliza viko wapi. Pia kumbukumbu ya mtu mmoja huteleza. Akisema handaki lao lilikamilika 1974 na hati zinaonyesha reli ilikwishapita Tunduma mwaka mmoja kabla, usimkate kimyakimya wala usimwache apotoshe. Mwonyeshe hati huku kamera ikizunguka. Anavyolipokea ni sehemu ya hadithi.

Tuiweke miundo bega kwa bega

| Dakika | Kufuata miaka | Kufuata safari | Kumfuata mtu |
|---|---|---|---|
| 5 | Rhodesia 1965, Zambia imebanwa | Mama wa ndizi anasubiri treni Dar | Mzee anataja jina, ananyamaza |
| 20 | Uzinduzi umepita, ujenzi unaenda | Treni inaingia milimani | Anaonyeshwa filamu ya kwanza, rafiki hayumo |
| 35 | Makabidhiano 1976 | Makambako, baridi, mzigo umechelewa | Handakini kwenyewe, anasimulia kifo |
| 48 | Hati ya makubaliano ya kufufua reli, Beijing, Septemba 2024 | Mpakani Tunduma, bei za sokoni | Gongo la Mboto, majina kwenye mawe |

Usome mstari wa dakika ya 35. Ndio mahali ambapo filamu nyingi hufa, mtazamaji ameshaelewa mada na anasubiri ishuke. Muundo wa miaka unampa sherehe, wa safari unampa wasiwasi mdogo, wa mtu unampa jambo ambalo amelisubiri tangu dakika ya tano.

Tukio moja, mara tatu

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwenye tukio moja. Chukua kuchimba handaki.

Katika muundo wa miaka, mkato wa kawaida ni huu: msimulizi anataja 1972, sekunde 20 za picha za vijana wenye keekee za mawe, kisha mzee kitini anasema kazi ilikuwa ngumu. Picha inasema kazi, msimulizi anasema kazi, mzee anasema kazi. Vitu vitatu vinasema jambo moja na hakuna anayehisi chochote. Ukiona hivyo, kata viwili. Bakiza picha peke yake na mlio wake, au mzee peke yake.

Katika muundo wa safari, treni ya leo inaingia handakini na skrini inakuwa nyeusi. Sauti ya mzee inaanza gizani, bila uso: vumbi, mlipuko, kuhesabu waliotoka. Mwanga unarudi, yumo abiria mtoto anayechungulia dirishani. Hapa hujatumia picha ya maktaba hata moja, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu picha ulizonazo zinatabasamu na giza halitabasamu. Zile picha za tabasamu ziweke kabla ya handaki, ili mtazamaji azikumbuke akiwa gizani.

Katika muundo wa mtu, mzee ameketi mbele ya kompyuta ndogo na anatazama picha hizohizo za tabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miaka hamsini. Usimwonyeshe kabla ya kamera kuwaka, hata kwa adabu. Kamera moja usoni, nyingine nyuma ya bega lake ili skrini ionekane. Usimuulize anajisikiaje. Muulize, "Mzee, huyu wa kushoto ni nani?" na umwache. Huenda akaeleza kwamba walipangwa mstari, wakaambiwa nani asimame mbele. Huenda akacheka. Huenda akasema handaki lile si lao. Chochote kitakachotoka, picha rasmi na kumbukumbu ya mtu zimegongana mbele ya mtazamaji, na hakuna msimulizi aliyehitajika kueleza. Akimaliza, acha sekunde nane kabla ya mkato. Kwenye chumba cha uhariri zitaonekana ndefu mno. Kwenye ukumbi hazitoshi.

Maktaba haijazi mashimo

Katika miundo yote mitatu kuna kishawishi kilekile: mzee anaelezea handaki lake, huna picha yake, lakini una handaki jingine la reli hiyohiyo. Ukiiweka chini ya sauti yake bila neno, umesema uongo, hata kama hakuna atakayegundua. Na kwenye reli hii watagundua, maana wapo waliokuwepo. Njia nyepesi ni kuandika pembeni "Picha ya maktaba, eneo halijulikani", au kuweka mahali palepale kama palivyo leo, au kubaki kwenye uso wake. Uso unaokumbuka unatosha mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Filamu bubu nayo ina mtego wake. Wengi huongeza mlio wa nyundo kutoka maktaba ya sauti, na mtazamaji anadhani ulinaswa siku ile. Ukiongeza, fanya hivyo filamu nzima ili lugha ieleweke, usiongeze kwenye tukio la kifo peke yake. Na usikate picha ya zamani ili ijaze skrini pana ya leo. Umbo lake lilikuwa la mraba zaidi, na ukiikata juu na chini utapoteza kofia za vibarua na miguu yao pekupeku, yaani vitu vyenyewe ulivyokuwa unavitafuta.

Ninavyochagua

Kama mtazamaji wako hajui chochote, na una msimulizi mzuri na kibali cha picha nyingi, fuata miaka, ila usiufanye mwaka 1976 kuwa kilele. Ufikie kwenye dakika ya 25 na upitishe sherehe haraka, kisha kilele kiwe cha mtu fulani baadaye. Kwa kipindi cha shule au maadhimisho hakuna muundo unaoushinda huu.

Kama picha za maktaba ni chache, au bei yake inakutisha (wenye picha hutoza kwa sekunde au kwa dakika, wengi wakiwa na kiwango cha chini cha kununua), fuata safari. Utapiga picha zako mwenyewe na maktaba itakuwa kiungo. Ndio muundo wa bei nafuu kuliko yote, ukiacha siku za kusubiri treni.

Kama kati ya kauli zako kumi na tano zenye moto kuna sita au zaidi za mtu mmoja kuhusu jambo moja asilolimaliza, huna uchaguzi. Mfuate huyo. Mara nyingi hilo hugunduliwa kwenye vipande vya karatasi, wala si kwenye pendekezo la mradi.

Kwa TAZARA yenyewe, mimi ningechanganya wa pili na wa tatu: mzee apande treni kurudi Mlimba na milimani, mama wa ndizi awe kwenye behewa hilohilo na haraka zake, Rhodesia na Beijing vipewe dakika nne kabla ya kituo cha kwanza. Dereva na mkalimani wataingia pale tu ambapo mzee anahitaji mtu wa kumthibitishia au kumbishia. Mwanahistoria atabaki sauti, bila uso, na pengine hatalipenda hilo.

Mchanganyiko huu una sharti moja la ratiba. Filamu iliyopigwa kwa ajili ya muundo wa mtu inaweza kugeuzwa kuwa ya miaka ukiwa chumba cha uhariri. Unapanga upya na kuandika maneno ya msimulizi. Kinyume chake hakiwezekani. Kama mzee ulimhoji kitini tu, hukumrudisha handakini na hukumwonyesha filamu kamera ikiwa inazunguka, basi mambo hayo hayapo, na ukimwonyesha mwezi ujao baada ya wajukuu kumtumia kipande hicho kwenye simu, atakuwa ameshakiona. Kwa hiyo tafuta picha za maktaba kabla ya mahojiano ya pili, hata nakala hafifu zenye maandishi ya mwenye mali katikati, na uzifungie mbali na familia hadi siku hiyo ifike.